WSJF: kwa nini gharama ya kuchelewa hugawanywa kwa ukubwa wa kazi

WSJF, yaani Weighted Shortest Job First, ni alama ya kuamua kazi ipi itangulie kati ya nyingi zinazosubiri. Unakadiria gharama ya kuchelewa, yaani hasara ya kila wiki ambayo kazi haijakamilika, kisha unaigawanya kwa ukubwa wa kazi. Yenye alama ya juu ndiyo inayoanza.

Wengi hutatizwa na huko kugawanya. Mbona tusianze tu na yenye hasara kubwa? Tuseme kuna timu Westlands inayowatengenezea wauzaji wa jumla wa Kamukunji mfumo wa mauzo, na ina kazi mbili. Ya kwanza ni kulinganisha malipo ya M-Pesa na stakabadhi bila mtu kukagua kwa mkono: kila wiki ya kuchelewa inagharimu shilingi 40,000, na itachukua wiki 4. Ya pili ni ilani ya bidhaa zinazokaribia kuisha: shilingi 30,000 kwa wiki, na inachukua wiki 1 tu.

Wakianza na M-Pesa, hasara yake hadi ikamilike ni 160,000. Ilani itakuwa tayari wiki ya 5, ikiwa imegharimu 150,000. Jumla 310,000. Wakianza na ilani, hasara ni 30,000, na M-Pesa ikikamilika wiki ya 5 imegharimu 200,000. Jumla 230,000. Watu ni walewale na wiki ni zilezile, ila shilingi 80,000 zimeokolewa kwa kubadilisha mpangilio tu. Alama zilishaonyesha hivyo: 30,000 kwa 1 ni 30,000, ilhali 40,000 kwa 4 ni 10,000.

Mara nyingi hakuna anayejua hasara kwa shilingi, hivyo timu zinazofuata SAFe, mfumo wa kupanga kazi za timu nyingi za programu kwa pamoja, hutumia pointi: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 20. Gharama ya kuchelewa hujumlishwa kutoka sehemu tatu: faida kwa mtumiaji na biashara, uharaka, na kupunguza hatari au kufungua fursa. Kila sehemu, pamoja na ukubwa wa kazi, huwa na safu yake kwenye jedwali. Jazeni safu moja kwa kazi zote kabla ya kuingia nyingine, na kazi ndogo kabisa katika kila safu ipewe 1. Bila hiyo 1, kila mtu huipa kazi yake 13, na alama hazitofautishi chochote. Nami singebishania 2.1 dhidi ya 2.0, kwani makadirio yenyewe hayana usahihi huo.

Hesabu hii huchukulia kwamba hasara ni ileile kila wiki, na hapo ndipo inapoteleza. Marejesho ya VAT kwa KRA huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ripoti ya VAT ikikamilika tarehe 5 au 18, tofauti ni ndogo. Ikikamilika tarehe 21, mteja ameshaandaa marejesho kwa mkono. Kazi ya namna hiyo ipewe pointi chache za uharaka mapema mwezini, kisha ipigiwe hesabu upya ikibaki muda unaotosha tu kuimaliza.