Ankara ya Aprili na tarehe iliyosomwa kinyume

Mhasibu wa kampuni moja ya vipuri, Eneo la Viwanda, alinipigia simu asubuhi mkaguzi wa hesabu akiwa tayari ameketi mbele yake. "Fundi, barua pepe zangu za mwaka 2023 zimefutika." Nikamwambia asiguse kitu, nikapanda matatu.

Hazikuwa zimefutika. Alichotafuta ni ankara za msambazaji mmoja, kuanzia Machi hadi Juni 2023. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka 2015 inataka rekodi zitunzwe miaka 5, kwa hiyo mkaguzi hakuwa anamwonea. Kwanza alikuwa ameandika neno "invoice" kwenye kisanduku cha kutafutia, akaletewa mamia ya barua. Kisha binamu yake akamfundisha kuandika `has:attachment filename:pdf after:2023/03/01`, hapo akapata sufuri. Amri hizo ni sahihi, ila ni za Gmail. Yeye anatumia Outlook, ile ya kompyuta ambayo kwenye skrini inaitwa `Outlook (classic)`, na Outlook hiyo ina lugha yake.

Nikabonyeza `Ctrl+E`, kishale kikaruka hadi kwenye kisanduku, nikaandika:

```
from:mauzo received:>=01/03/2023 AND received:<01/07/2023 AND attachments:pdf
```

Kwa maneno ya kawaida: nitolee barua ambazo jina au anwani ya mtumaji ina "mauzo", zilizofika kuanzia tarehe 1 Machi, kabla ya tarehe 1 Julai, zikiwa na kiambatisho cha PDF. Neno `AND` huandikwa kwa herufi kubwa, na `OR` na `NOT` vilevile. Mwisho wa kipindi mimi huweka tarehe ya siku inayofuata pamoja na alama ya "chini ya", ili nisijiulize kama barua ya Juni 30 saa kumi jioni imehesabiwa au imeachwa. Kuhusu jina la mtumaji, Outlook hulinganisha mwanzo wa neno. Ukiandika `from:mau` utampata mauzo, lakini `from:uzo` haitakuletea kitu.

Nikabonyeza Enter. Ikaja barua moja tu, ya Januari 4, na ndani yake kalenda ya ukutani ya mwaka mpya katika PDF.

Januari? Nimeomba Machi hadi Juni. Hapo ndipo kosa linapojianika, ukilitazama. Outlook husoma tarehe kwa mpangilio uliowekwa kwenye Windows. Kompyuta hii iliuzwa ikiwa bado kwenye mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi, na aliyeiuza hakuugusa. Kwa macho ya mashine, `01/03/2023` ilikuwa Januari 3, na `01/07/2023` ilikuwa Januari 7. Miezi minne niliyoomba ilikuwa imegeuka siku nne, na kalenda ile ilifika katikati yake. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halitoi onyo lolote. Tarehe zote mbili ni halali zikisomwa upande wowote, kwa hiyo mtu huona orodha fupi, hushika kichwa, na kuamini barua zimepotea.

Kabla ya kuandika tarehe yoyote kwenye kompyuta nisiyoijua, hutazama saa iliyo pembeni chini ya skrini. Siku ikiwa imepita 12, kwa mfano `25/9`, mpangilio unajulikana mara moja. Siku ikiwa 5/6 haikusaidii, basi nenda kwenye `Settings`, kisha `Time & language`, kisha `Language & region`, utazame `Regional format`. Kwake palikuwa `English (United States)`. Nikaweka `English (Kenya)`, nikafunga Outlook, nikaifungua tena, nikarudisha amri ileile bila kubadilisha herufi.

Safari hii zikaja barua kumi na moja. Machi zipo, Mei zipo, Juni zipo. Aprili hakuna hata moja.

"Aprili tulinunua," mhasibu akasema, "nakumbuka, ni wakati mvua ilikata barabara."

Niliangalia mambo mawili ya haraka. Je, tunatafuta kwenye boksi zima au folda moja? Ukianzia ndani ya folda ndogo, utafutaji huweza kubaki humo humo mpaka uchague `Current Mailbox` kwenye orodha iliyo kando ya kisanduku. Sisi tulikuwa kwenye boksi zima. Je, barua za zamani zimeshushwa kwenye kompyuta? Akaunti za ofisi mara nyingi hushusha za mwaka mmoja hivi tu, zilizobaki hukaa kwenye seva, na kuna kitelezi cha kuongeza muda huo kwenye mipangilio ya akaunti. Lakini Machi 2023 ilikuwa imeonekana, na Machi ni ya zamani kuliko Aprili. Kwa hiyo haikuwa hilo.

Basi nikaanza kung'oa masharti, moja moja. Nikibana kipindi kiwe Aprili peke yake na kutoa `attachments:pdf`, zilikuja barua mbili za mauzo, zote za kuomba radhi kwa kuchelewa kwa lori. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Kumbe tatizo halikuwa aina ya faili peke yake. Nikarudi kwenye mtumaji na kumuuliza mhasibu: mzigo ulipofika, karatasi alipokea nani? Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua huchomoza wapi. "Kijana wa stoo, nani mwingine?"

```
from:stoo received:>=01/04/2023 AND received:<01/05/2023 AND (attachments:pdf OR attachments:jpg)
```

Mabano yale si mapambo. Nimeyaweka ili `OR` ifungwe kwenye viambatisho tu, isije ikavuta na picha zote za miaka mingine. `jpg` ni ya picha za simu, na niliacha `pdf` ibaki kwa sababu kuna watu wa stoo wenye programu ya kuskani kwenye simu. Ningeweza pia kuandika `hasattachments:yes`, ambayo huchukua kiambatisho cha aina yoyote, ila kijana huyu hutuma ripoti ya mafuta ya Excel kila jioni na tungezama humo.

Jambo moja la kujihadhari nalo katika `attachments:` ni kwamba haiangalii jina la faili pekee. Hupekua pia maandishi yaliyo ndani ya kiambatisho, kwa hiyo barua yenye faili ya Word iliyoandikwa mahali fulani "tuma kwa PDF" nayo hujitokeza. Kati ya zile kumi na moja za kwanza, mbili zilikuwa za namna hiyo. Tulizitoa kwa macho. Picha ya simu ina hasara ya kinyume: kwa kawaida maandishi yaliyo ndani yake hayasomeki kwa utafutaji, kwa hiyo kutafuta namba ya ankara kusingetusaidia hata kidogo.

Zikaja barua nne. Ya tatu, Aprili 19, haikuwa na mada, na mwilini ilikuwa na neno moja, "Risiti". Kiambatisho kilianza na `IMG_`. Mhasibu akaibonyeza: ankara imelala ubavu, kona moja imelowa, kidole gumba kimefunika nusu ya nembo ya msambazaji. Namba ilionekana, na jumla ilionekana. Mkaguzi akageuza kichwa upande, akasoma, akaweka alama ya vyema kwenye karatasi yake.