Avatara: Kutoka Kushuka kwa Vishnu hadi Mwili wa Mchezaji

Sisi tunaoshughulikia istilahi huulizwa mara kwa mara kama ile picha ndogo inayokaa kando ya jina la mtumiaji iitwe avatari. Jibu linategemea neno hilo lilibeba nini kabla halijafika kwenye kompyuta, na kiasi gani cha mzigo huo kimesalia.

Avatara ni neno la Kisanskriti lenye sehemu mbili: ava, yaani chini, na mzizi wenye maana ya kuvuka, ambao ndio uliozaa pia tirtha, kivuko cha mto na, kwa kupanuka kwa maana, mahali pa hija. Kwa hiyo avatara ni kuvuka kutoka ng'ambo ya juu kuja ng'ambo ya chini. Wafasiri wengine huliita umwilisho, neno ambalo Wakristo wamelizoea, lakini umwilisho unataja mwili tu na kuiacha safari. Kwa Kiswahili, pepo humpanda mtu kichwani. Kwa Kisanskriti, mungu hushuka. Katika Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, sura ya 4, Krishna, anayehesabiwa kuwa avatara ya mungu Vishnu, anasema kwamba kila haki inapofifia yeye hujidhihirisha ulimwenguni, ingawa neno avatara lenyewe halimo katika kitabu hicho na lilikuja kushika nafasi hiyo katika maandiko ya baadaye, hasa yale yaitwayo Purana.

Orodha mashuhuri ya avatara za Vishnu ina kumi, nazo si za kibinadamu zote, kwani wamo samaki, kobe na nguruwe mwitu. Ya nne, Narasimha, inaonyesha vizuri jinsi umbo linavyochaguliwa. Mfalme Hiranyakashipu alikuwa amepewa ahadi kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha. Vishnu akatokea ndani ya nguzo ya jumba akiwa nusu mtu nusu simba, akamkamata mfalme jua likizama, akamlaza mapajani pake juu ya kizingiti, akamrarua kwa kucha. Kila kipengele cha mwili ule kilikuwa kimekatwa kwa kipimo cha masharti ya mahali uliposhukia, na hapo ndipo ulipo uzito wa neno: anayeshuka hukubali kanuni za huku chini, kisha hufanya kazi yake ndani ya kanuni hizo.

Kiingereza kililipokea neno hili mwishoni mwa karne ya 18, na baadaye kikalilegeza hadi likawa na maana ya mtu yeyote aliye kielelezo cha sifa fulani. Maana hiyo iliyolegea ndiyo iliyo karibu na mchezo wa Ultima IV wa mwaka 1985, kazi ya Richard Garriott, ambamo mchezaji hujitahidi kutimiza fadhila nane, zikiwemo ukweli, huruma na unyenyekevu, ili hatimaye awe Avatari. Ukitazama kwa makini, hapo mwelekeo umegeuka: binadamu anapanda kuwa avatari, hakuna anayeshuka.

Kushuka kulirudi mwaka 1986, kampuni ya Lucasfilm Games ilipoanza kujaribu Habitat, mji wa michoro ambao watu waliuingia kwa kompyuta za Commodore 64 zilizounganishwa kwa laini ya simu. Wabunifu wake, Chip Morningstar na Randy Farmer, waliliita umbo la kila mchezaji avatari. Lilitembea, lilishika vitu, na maneno yake yalijitokeza katika kiputo juu ya kichwa. Kichwa chenyewe kiliweza kubadilishwa kwa kingine. Avatari alipouawa alirudishwa nyumbani kwake mifuko ikiwa mitupu, ameshika kichwa chake mikononi, na alichokuwa amekishika wakati ule kikabaki kimeanguka pale pale alipouawa. Mchezaji, aliyeketi salama mbele ya kioo, hakuumia, lakini hasara ilikuwa yake. Kwa maoni yangu matumizi haya ni ya uaminifu kwa Kisanskriti kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu yupo aliye nje ya ulimwengu, yupo mwili ulio ndani, na mwili huo unabanwa na masharti ya huko. Tofauti kubwa ni ya makusudi: Vishnu hushuka kurekebisha mambo, mchezaji hushuka hata kwa matembezi tu.

Picha ya kando ya jina haina hata kimoja katika hayo. Haitembei, haishiki kitu, haipotezi chochote, na wengi huweka ua au paka. Neno lilihamia huko kwa sababu picha, kama umbo la mchezoni, humwakilisha mtu mbele ya wengine, na uwakilishi ukabaki peke yake baada ya kushuka kutoweka. Kiswahili tayari kina picha ya wasifu, inayoeleweka na kila mwenye simu, nami naitumia hiyo katika tafsiri. Avatari nalibakiza kwa umbo ambalo mchezaji huliendesha na ambalo mwenzake anaweza kulizuia njia.