Tangazo la nafasi ya mwalimu wa shule binafsi: liandikwe nini, liachwe nini

Matangazo mengi ya shule binafsi nchini Tanzania huanza na sifa: "Tunahitaji mwalimu mchapakazi, mcha Mungu, mwenye kupenda watoto." Hakuna mwombaji atakayesoma hapo akaona yeye si mchapakazi. Tangazo la namna hiyo halimchuji mtu, na mkuu wa shule huishia na barua mia mbili mezani, nyingi za watu asiowahitaji. Linalochuja ni mambo manne: masomo, vyeti, muhula wa kuanza na namna ya kuomba.

Tuchukue shule ya sekondari ya bweni yenye mikondo miwili kwa kila kidato, cha kwanza hadi cha nne. Mwalimu wa Fizikia wa vidato vya chini anaondoka. Kabla ya kuandika neno lolote, mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wakae na ratiba. Kwa ratiba ya shule hii Fizikia ina vipindi 4 kwa wiki kwa kila mkondo, kwa hiyo mikondo minne ya kidato cha kwanza na cha pili inatoa vipindi 16. Huo haujatosha kuwa mzigo kamili wa mtu mmoja. Hisabati ya kidato cha kwanza nayo haina mwalimu: mikondo miwili, vipindi 6 kila mmoja, jumla 12. Ukijumlisha unapata 28. Basi nafasi ni ya "Fizikia na Hisabati, vipindi 28 kwa wiki", na iandikwe hivyo hivyo.

Hesabu hiyo ina sababu nyingine. Walimu wetu wa sekondari kwa kawaida huandaliwa kufundisha masomo mawili, na mawili hayo huwa yanaendana. Fizikia na Hisabati utampata, Fizikia na Kemia pia. Tangazo linalotaka "Fizikia, Kiingereza na Kompyuta" linamtafuta mtu ambaye vyuo havimtoi. Atakayejitokeza atakuwa ameongeza somo moja kwenye barua ili aitwe, na utaligundua hilo mwezi Machi, madaftari ya wanafunzi yakiwa matupu.

Kwenye vyeti, kosa kubwa ni kuandika "awe na shahada ya Fizikia". Wenye shahada ya sayansi tupu na wahandisi wataomba, na ni haki yao, kwa sababu hukutaja ualimu. Andika: Shahada ya Sayansi na Elimu au Shahada ya Elimu katika masomo hayo mawili, au shahada ya sayansi pamoja na Stashahada ya Uzamili ya Elimu, au Stashahada ya Ualimu wa Sekondari. Hiyo ya mwisho usiiache kwa fahari tu. Kwa kidato cha kwanza na cha pili, mwalimu wa stashahada aliyebobea maabara anaweza kukufaa kuliko mwenye shahada. Aliyesoma nje ya nchi aambatishe utambuzi wa shahada yake kutoka TCU.

Omba pia namba ya mtihani ya kidato cha nne na mwaka aliofanya, kwa mtindo wa S0000/0000/2016. Ukiwa nayo unaweza kulinganisha alama za kwenye cheti na matokeo yaliyochapishwa na NECTA kabla hujamwita mtu. Angalia na majina. Cheti cha kuzaliwa kikisoma "Hassan" na cha kidato cha nne "Hassani", si lazima kuwe na udanganyifu. Mwombaji aje na hati ya kiapo.

Muhula wa kuanza ndipo shule nyingi zinapojikwaa. Unaandika "kuanza Januari" halafu unatoa tangazo mwishoni mwa Novemba. Mwalimu mzuri yuko kazini mahali pengine, na kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28. Kama mkataba wake ni wa muda maalumu, kwa wengi unaisha tarehe 31 Desemba. Ukimtaka katikati ya mwaka, unamwomba avunje mkataba. Tena shule hufunga mapema Desemba, na usaili wa mwalimu bila darasa la kufundishia ni mazungumzo tu. Hutaona anavyoandika ubaoni, wala anavyomjibu mtoto aliyekosea. Kwa Januari, tangazo litoke wiki ya kwanza ya Oktoba na lifungwe tarehe 31. Usaili na somo la majaribio vifanyike katikati ya Novemba, na barua ya ajira itoke kabla ya tarehe 25, ili siku zake 28 ziishe kabla ya Krismasi. Kwa muhula wa Julai, rudisha kalenda nyuma vivyo hivyo, uanze Aprili.

Mshahara utajwe kwa tarakimu, si "mnono" wala "wa makubaliano", na iandikwe kama ni kabla ya makato. Tofauti yake si ndogo. Mshahara wa shilingi 900,000 ukikatwa asilimia 10 ya NSSF, zinaondoka 90,000. Kodi ya PAYE inapigwa kwenye 810,000 zinazobaki, nayo ni 80,500. Zimebaki 729,500. Kama mwalimu alisoma kwa mkopo, HESLB inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000, na mkononi anapokea 594,500. Aliyedhani 900,000 ni za mkononi atakuaga kabla ya Pasaka.

Namna ya kuomba iwe moja. Ukiruhusu barua pepe, WhatsApp na kuleta kwa mkono, faili la mtu mmoja litatawanyika sehemu tatu. Tangazo la shule yetu ya mfano lingesomeka hivi:

"Shule ya sekondari binafsi ya bweni, Kibaha, mkoa wa Pwani, inahitaji mwalimu mmoja wa Fizikia na Hisabati, kidato cha kwanza na cha pili, vipindi 28 kwa wiki, pamoja na zamu ya prepo usiku mara mbili kwa wiki. Awe na shahada ya ualimu katika masomo hayo, au shahada ya sayansi na Stashahada ya Uzamili ya Elimu, au Stashahada ya Ualimu wa Sekondari. Kuanza: muhula wa kwanza, Januari. Mshahara: shilingi 900,000 kabla ya makato, nyumba ipo. Tuma faili moja la PDF lenye barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti na matokeo ya chuo, kwa mpangilio huo, kwa barua pepe ya shule. Faili lipewe jina FIZHIS_JINA-LAKO.pdf. Taja namba ya mtihani ya kidato cha nne na wadhamini wawili, mmoja awe mkuu wa shule uliyofundisha au uliyofanyia mazoezi ya kufundisha. Mwisho ni tarehe 31 Oktoba saa 10 jioni. Vyeti halisi viletwe siku ya usaili. Maombi hayalipiwi."

Zamu ya prepo imetajwa makusudi. Shule nyingi huificha hadi siku ya kuripoti, na mwalimu mwenye mtoto mchanga anaijua akiwa ameshahamisha vitanda. Na hayo maneno mawili ya mwisho yasiachwe kamwe, kwa sababu matapeli hunakili matangazo ya shule, wakabadilisha namba ya simu na kudai "ada ya fomu". Mwombaji aliyesoma tangazo halisi atajua hapo hapo kuwa anayemdai si shule.