Kidonge cha Jumamosi, machozi ya Jumanne

"Shikamoo daktari. Nafanya kazi hoteli huko Nungwi. Jumamosi kwenye sherehe ya mwezi mpevu Kendwa nilimeza kidonge cha ekstasi, mara yangu ya kwanza. Jumapili nilikuwa mzima. Jumanne nikajikuta nimekaa stoo ya mashuka nalia bila sababu. Nimerogwa, au ubongo umeharibika?"

Marahaba mwanangu. Hujarogwa, na unayoeleza si dalili ya ubongo kuharibika.

Serotonini ni kemikali ambayo baadhi ya seli za ubongo hutumia kupashana habari, na ina sehemu kubwa katika furaha, usingizi na hamu ya kula. Seli huiweka akiba, hutoa kidogo kidogo, kisha hujivutia ndani kupitia mlango maalumu ili itumike tena. Ekstasi, ambayo jina lake la kitaalamu ni MDMA, huingia kwa mlango huohuo na kuugeuza: badala ya kuvuta ndani, unamwaga nje. Ndiyo ile raha ya saa tatu mpaka sita, kumpenda kila unayemwona.

Fikiria tangi la maji juu ya paa. Umefungua mifereji yote usiku kucha, asubuhi limebaki maji ya chini tu. Lingekuwa hilo peke yake, lingejaa upesi. Lakini ekstasi inagusa pampu pia. Kuna kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kutengeneza serotonini mpya, na dawa hii hukizima. Seli inalazimika kuunda kimeng'enya kingine, na hiyo si kazi ya usiku mmoja. Haya yameonekana wazi zaidi kwa wanyama wa maabara waliopewa dozi kubwa. Kwa binadamu tunakisia kutokana na dalili. Kwa hiyo watu wanaposema serotonini "imekwisha", maana yake imepungua, haijafika sifuri.

Jumapili ulikuwa mzima kwa sababu nusu ya dawa huchukua kiasi cha saa nane au tisa kutoka mwilini, kwa hiyo mabaki yake yalikuwa bado yanakushika. London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, waliotumia ekstasi mwishoni mwa wiki walikuwa na furaha siku ya pili yake, na siku ya tano wakashuka, baadhi yao wakafikia kiwango cha sonona.

Lakini hebu niulize: ulilala lini? Waliopewa MDMA safi hospitalini, mchana, wakala na kulala vizuri, wengi hawakupata mporomoko huo. Mtu aliyecheza mchangani hadi alfajiri, hajala, kisha Jumapili akaingia zamu, ana deni la usingizi juu ya upungufu wa serotonini. Siwezi kukutenganishia machozi yako, haya ya hili na haya ya lile.

"Rafiki yangu kasema nile ndizi nyingi, zina serotonini."

Zinayo kweli, ila haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Kinachovuka ni triptofani, malighafi ya serotonini, iliyomo kwenye samaki, mayai, kuku na maharage. Kula, maana mwili umechoka, lakini usitarajie sahani moja ya samaki ikuondolee huzuni. Pampu haijapona bado.

"Je, nikimeza nusu nyingine, au tramadoli, nitatulia?"

Hapana, tafadhali sana. Nusu ya pili inakuta tangi tupu: raha ni ndogo, lakini moyo unakwenda mbio na joto linapanda vilevile.

Tramadoli ndiyo inayonitisha zaidi. Nayo huongeza serotonini, na ikikutana na ekstasi mwilini inaweza kuzidi hadi ikawa sumu. Utamjua mtu huyo: anatetemeka, misuli inakakamaa au kurukaruka, jasho linamtoka, anaharisha, mwili unawaka, maneno hayaeleweki. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiriwe kulala. Hatari kama hiyo ipo kwa anayetumia dawa za sonona, na dawa hizo usiziache ghafla kwa sababu ya sherehe.

"Sasa itaisha lini?"

Mara nyingi mpaka Alhamisi au Ijumaa unaanza kujiona mwenyewe. Lala usiku, punguza kahawa, na wiki hii maamuzi makubwa, kama kuacha kazi au mchumba, yaweke kando.

Ukipita wiki mbili bado uko chini, hiyo si ekstasi pekee, nenda kituo cha afya. Na likikujia wazo la kujidhuru usingoje hata siku moja: mwambie mtu wa nyumbani akae nawe, mwende hospitali, iwe Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu. Ukifika, mweleze daktari ulimeza nini, lini, na pamoja na nini, maana vidonge vya mitaani mara nyingi vimechanganywa na vitu vingine, na bila ya kujua hayo anaweza kukupa dawa itakayogongana na iliyomo mwilini.