Joto la kuua kunguni: kwa nini godoro hutolewa juani na kurudi na wadudu wake

Jumamosi asubuhi jua likichomoza katika mitaa ya Nairobi kama Kayole, Pipeline au Zimmerman, utaona magodoro yameegemezwa ukutani na mengine yametandazwa juu ya paa la ploti. Wenyewe wanaamini kunguni wataungua humo ndani. Jioni godoro linarudishwa kitandani likiwa moto na lenye harufu nzuri, na usiku wa pili au wa tatu watu wanaanza kujikuna tena. Wanaouza dawa hupenda kusema hii ni dalili kwamba joto halifanyi kazi. Joto linafanya kazi, tena vizuri sana. Ila lazima limfikie mdudu mwenyewe, kwa kiwango cha kutosha na kwa muda wa kutosha.

Hiyo ndiyo maana ya joto la kuua. Kunguni hana namna ya kujipoza kama sisi tunavyotoka jasho. Mwili wake huchukua joto la mahali alipo. Akiwa ndani ya mshono wenye nyuzi 50 za sentigredi, naye anafika nyuzi 50, protini za mwili wake zinaharibika na hawezi kupona. Kiwango kikishuka kidogo, muda unarefuka mno. Kwa nyuzi 45, mkubwa huhitaji kama saa moja na nusu kufa, na mayai yanaweza kustahimili saa nyingi zaidi. Kwa nyuzi 48, mayai bado huhitaji zaidi ya saa moja. Ukipita nyuzi 55, wote wanakufa katika dakika chache. Kwa hiyo mtu akikuambia kitu kilikuwa moto kabisa, muulize mambo mawili: kilikuwa nyuzi ngapi kule katikati, na kilikaa hivyo kwa muda gani?

Sasa turudi kwenye godoro la juani. Godoro la sponji limeundwa kwa vijishimo vya hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Upande unaotazama jua unaweza kuwa moto usioshikika, huku upande wa chini ukibaki na ubaridi wa kivulini. Huko Australia watafiti walifunga godoro kwa plastiki nyeusi na kuliacha juani siku ya joto. Juu lilipata joto la kuua, lakini chini halikufika. Kunguni naye hangoji kuungua. Joto likizidi anatembea, na safari yake ni kuelekea kwenye ubaridi: mshono wa chini, ufa wa ukuta ulioegemewa, au nguo za jirani zilizoanikwa hapo karibu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi Julai mawingu hufunika jiji siku nzima. Hata jua kali la Februari halitoshi kwa godoro la inchi nane. Mimi siwezi kumshauri mtu ategemee jua kwa godoro, hata mara moja.

Jua linafaa kwa vitu vyembamba tu, kama foronya, shuka au nguo chache zilizotandazwa bapa ndani ya nailoni nyeusi iliyofungwa barabara, juu ya bati linalochomwa na jua la mchana. Weka kipimajoto katikati ya hizo nguo, si juu ya nailoni. Kikikaa juu ya nyuzi 50 kwa saa mbili mfululizo, kazi imefanyika. Kikigota 43, umezipasha moto tu.

Kwa shuka na foronya njia ya uhakika ni maji ya moto, na hapa hakuna sababu ya kukisia. Mashine ya dobi ikiwekwa nyuzi 60, inaua wakubwa, tunutu, yaani kunguni wachanga, na mayai. Ikiwekwa nyuzi 40 kama wengi wanavyofanya ili kulinda rangi, mayai mengine yanapona. Kikaushio cha moto kwa nusu saa baada ya nguo kukauka ni kizuri vilevile, na ndicho kinachofaa zaidi kwa blanketi nene. Peleka nguo zikiwa zimefungwa ndani ya mfuko, usije ukawapelekea wengine wageni.

Asiye na mashine anaweza kutumia ndoo, mradi ajue hesabu yake. Maji Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Ukichanganya nusu ya yaliyochemka na nusu ya bomba, unapata kama nyuzi 57, na ukitumbukiza nguo baridi kwenye ndoo baridi, yanashuka chini ya 55 kabla hujafunika. Chukua lita nane zilizochemka kwa lita nne za bomba. Hapo unaanzia karibu nyuzi 69. Weka kwanza shuka mbili na foronya zake ndani ya ndoo zikiwa kavu, mimina maji, zizamishe zote kwa mwiko, funika kwa kifuniko na taulo juu yake, uache nusu saa. Ukifunua na mkono wako ukakaa ndani ya maji bila shida, yamepoa mno, hivyo ongeza mengine. Tena afadhali utumie kipimajoto cha jikoni kuliko mkono. Fanya kazi hii watoto wakiwa nje, na umimine ndoo ikiwa sakafuni, kwa sababu maji hayo yanaunguza ngozi mara moja.

Friza ni ya vitu visivyovumilia maji ya moto: mwanasesere wa mtoto, kofia ya sufu, viatu, mkoba wa ngozi. Baridi nayo ina sheria ileile ya kiwango na muda, ila huenda polepole. Kunguni anastahimili baridi ya kawaida ya friji bila taabu. Kinachohitajika ni nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne, zikihesabiwa tangu katikati ya kifurushi pafike baridi hiyo. Kifurushi kikubwa cha nguo huchukua saa nyingi kufika huko, kwa sababu nguo zenyewe huzuia baridi kama zinavyozuia joto. Kile kichumba cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki hapo kabisa, hata kama kinagandisha maji. Stima ikipotea na friza ikapata joto, anza kuhesabu siku upya. Godoro lisahau, halina friza ya nyumbani.

Godoro, basi, ni kazi ya mvuke, na hapa ndipo watu hupoteza pesa na nguvu. Wananunua mashine nzuri ya mvuke, wanaipitisha juu ya godoro kama wanaopiga pasi shati, na baada ya dakika tano wanasema wamemaliza. Mvuke ukipita kwa haraka unalowesha kitambaa tu. Kichwa cha mashine kinapaswa kusogea futi moja kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, kikigusa kitambaa chenyewe, na uso ulioachwa nyuma uwe na nyuzi 70 au zaidi kichwa kinapoondoka.

Tuchukue godoro la kawaida la futi nne kwa sita, linalotumiwa na mama mmoja na mtoto wake katika bedsita. Mishono ndiyo ya kwanza, kwa sababu kunguni hawachimbi sponji. Hukaa kwenye mikunjo ya kitambaa, chini ya lebo, na kando ya ule uzi mnene wa ukingoni. Mzunguko wa godoro ni futi 20, na kuna ukingo wa juu na wa chini, kwa hiyo futi 40. Kwa sekunde 15 kila futi, hizo ni dakika kumi za mishono peke yake. Kisha uso wa juu: ikiwa kichwa cha mashine kina upana wa inchi sita, unahitaji mistari minane ya futi sita, yaani futi 48, dakika kumi na mbili. Uso wa chini ni dakika nyingine kumi na mbili. Ongeza pande za ubavuni na utakuta dakika arobaini zimepita kabla hujajaza maji upya au kugusa chaga za kitanda. Ukimaliza mapema mno kuliko hapo, kuna mahali ulipoharakisha.

Mvuke wenye nguvu nyingi ukitoka kwenye tundu dogo huwapuliza kunguni na mayai, wakarushwa chini ya kitanda wakiwa hai. Tumia kichwa kipana, kifunge kitambaa cha pamba, na punguza nguvu ya mvuke kama mashine inaruhusu. Birika la chai si mbadala. Mvuke wake unapoa kabla haujaingia kwenye mshono. Kama godoro lina kifuniko cha zipu, kivue ukioshe kwa maji ya moto, kisha upitishe mvuke kwenye sponji. Kama kitambaa kimechanika na kunguni wameingia ndani, mvuke hautawafikia, kwani hauingii zaidi ya sentimita chache. Hapo linahitajika gamba maalumu la kuzuia kunguni, linalofunika godoro zima na zipu isiyoacha mwanya, likae mwaka mzima au zaidi, kwa sababu mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kula.

Baada ya mvuke, simamisha godoro likauke, dirisha likiwa wazi. Hapa jua linasaidia kweli, kwa kulikausha. Usitandike kabla halijakauka, kwa sababu sponji yenye unyevu huota ukungu.

Joto haliachi kinga yoyote nyuma yake. Likishapoa, kunguni aliyekuwa kwenye ufa wa ukuta, nyuma ya swichi au kwenye sofa anaweza kurudi usiku uleule. Ndiyo maana kitanda husogezwa mbali na ukuta, chaga na matundu ya skrubu hupitishiwa mvuke siku hiyohiyo, lakini si swichi wala soketi, na shuka zilizooshwa hukaa ndani ya mfuko uliofungwa hadi kitanda chote kiwe tayari. Mayai ni meupe, kama milimita moja, yamebandikwa kwenye nyuzi za kitambaa, na huanguliwa kwa siku sita hadi kumi chumba kikiwa na joto, zaidi ya hapo kikiwa na baridi ya Julai. Kwa hiyo rudia mvuke na maji ya moto baada ya siku kumi hadi kumi na nne, kabla tunutu waliopona hawajakua na kutaga.

Katika kipindi hicho tandika shuka nyeupe na uzikague kila asubuhi. Vitone vyeusi vipya karibu na mshono, visivyotoka kwa kupanguswa bali vinaenea kama wino kwenye kitambaa chenye maji, ni kinyesi cha kunguni aliye hai. Anza na mshono ulio karibu na vitone hivyo, upande wa chini ya godoro.