Uwiano wa gharama za mfuko: jinsi asilimia 2 inavyokula zaidi ya nusu ya faida

Ukinunua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kuna watu wa kulipwa: meneja anayechagua hisa na hatifungani, mtunza mali, mkaguzi wa hesabu, mwanasheria, na wanaotunza daftari la wawekezaji. Chukua gharama hizo zote za mwaka mmoja, uzigawe kwa wastani wa thamani ya mali za mfuko katika mwaka huo. Jibu, likiandikwa kwa asilimia, ndilo uwiano wa gharama. Mfuko wenye mali za bilioni 10 unaotumia milioni 200 kwa mwaka una uwiano wa asilimia 2.

Gharama hii hailetwi kwako kama ankara, na kwa sababu hiyo wengi hawaioni. Kwa kawaida hukatwa kidogo kidogo kila siku, kabla bei ya kipande haijatangazwa. Kwa uwiano wa asilimia 2, mtu mwenye milioni 1 hukatwa takriban 55 kwa siku. Hakuna mstari kwenye taarifa yake unaosema “tumekata 55”. Anachokiona ni bei ya kipande iliyopanda pungufu kidogo ya vile ambavyo ingepanda, na hawezi kuliona pengo kwa sababu bei ile nyingine haikuandikwa popote.

Sasa tuifuate milioni 1 kwa miaka 30. Tuchukulie kwamba mali za mfuko zinakua kwa asilimia 7 kila mwaka kabla ya gharama. Hakuna soko linalokwenda sawasawa namna hiyo, lakini kwa hesabu yetu inatosha. Ili kurahisisha, tuseme gharama inakatwa mara moja, mwisho wa mwaka.

Mwaka wa kwanza fedha inafika 1,070,000. Asilimia 2 ya hiyo ni 21,400, kwa hiyo kinachobaki ni 1,048,600. Tazama kwanza uzito wa makato haya. Faida ya mwaka ilikuwa 70,000, na 21,400 ni karibu theluthi yake. Asilimia 2 inasikika ndogo kwa sababu tunaipima dhidi ya mtaji wote, ilhali mtaji ulikuwa wako tangu mwanzo; mfuko ulichokuletea ni zile 70,000. Na kama mfumuko wa bei umekula thamani ya 40,000 katika mwaka huo, faida ya kweli ni 30,000 tu, na gharama imechukua zaidi ya theluthi mbili zake.

Mwaka wa pili mfuko unaanza na 1,048,600, unakua, unakatwa tena. Ukiendelea hivyo hadi mwaka wa 30, unafika takriban milioni 4.15. Bila gharama yoyote ungefika milioni 7.61. Zimepungua milioni 3.46, na faida iliyopaswa kuwa milioni 6.61 imebaki milioni 3.15, chini ya nusu.

Zimekwenda wapi? Nilipolifanyia kazi swali hili kwa mara ya kwanza nilidhani zote zimeingia mfukoni mwa meneja. Lakini ukijumlisha makato yote ya miaka 30, kuanzia 21,400 za mwaka wa kwanza hadi karibu 84,700 za mwaka wa mwisho, unapata takriban milioni 1.39 tu. Milioni 2.07 zilizosalia hakulipwa mtu yeyote kutoka kwenye akaunti yako. Ni faida ambayo makato yale yangezaa kama yangebaki humo. Zile 21,400 za mwaka wa kwanza peke yake, zikikaa miaka 29 kwa asilimia 7, zingekuwa zaidi ya 152,000. Kila kinachokatwa mapema kinaondoka na uzao wake wote, kama mtu aliyeuza mtamba akahesabu kwamba amepoteza ng’ombe mmoja.

Kuna njia fupi ya kupata jibu bila kupitia mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka unabaki na 98 katika kila 100. Zidisha 0.98 kwa yenyewe mara 30. Katika lahajedwali unaandika:

```
=0.98^30
```

Jibu ni 0.545. Maana yake unabakiwa na takriban asilimia 54.5 ya ulichopaswa kuwa nacho. Angalia kwamba asilimia 7 haimo kabisa katika hesabu hiyo. Soko likikua kwa kasi au likisuasua, sehemu inayopotea ni ileile. Inategemea uwiano na idadi ya miaka, basi. Kwa miaka 10 asilimia 2 inachukua karibu asilimia 18 ya fedha ya mwisho, kwa miaka 20 asilimia 33, kwa miaka 30 asilimia 45. Uwiano wa asilimia 0.2 kwa miaka hiyo 30 unachukua takriban asilimia 6, na milioni yetu ingefika milioni 7.17. Tofauti ya mifuko hiyo miwili, ikiwa mali zake zinakua sawa, ni kama milioni 3: mara tatu ya fedha uliyoanza nayo.

Anayeweka kidogo kidogo hupoteza sehemu ndogo zaidi, kwa kuwa fedha za miaka ya mwisho hazijakatwa mara nyingi. Kwa kiasi kilekile kila mwisho wa mwaka, miaka 30, ukuaji wa asilimia 7 na gharama ya asilimia 2, pengo ni karibu asilimia 31.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Faida ambayo mfuko hutangaza kwa miaka iliyopita kwa kawaida imeshaondolewa gharama hizi, kwa hiyo ukiitoa tena unahesabu mara mbili. Lakini uwiano nao hauna kila kitu. Ada ya kuingia au kutoka haimo, na kwa kawaida kamisheni ambayo mfuko humlipa dalali kila unaponunua na kuuza hisa haimo pia. Mfuko unaouza na kununua kila mara una gharama kubwa kuliko uwiano wake unavyoonyesha. Ikiwa mfuko umetangaza punguzo la gharama, angalia pia kama ni la muda. Waraka wa mfuko huandika tarehe linapokwisha.

Linganisha mifuko ya aina moja tu. Mfuko wa hisa na wa dhamana za muda mfupi hufanya kazi tofauti, na huwezi kuchagua kati yao kwa kutazama gharama peke yake. Mfuko mdogo nao huweza kuwa na uwiano mkubwa bila ubadhirifu wowote, maana ukaguzi wa milioni 5 ni asilimia 1 ya mfuko wa milioni 500, lakini ni asilimia 0.1 ya mfuko wa bilioni 5.

Anayetaka kuhama naye hufanya hesabu ileile. Tuseme mfuko wa asilimia 2 unatoza asilimia 3 ukitoka, na unahamia wa asilimia 0.2 wenye mali za aina hiyohiyo. Kila 100 inaingia kule ikiwa 97. Mwisho wa mwaka wa kwanza bado uko nyuma ya aliyebaki kwa kama asilimia 1.2. Mwisho wa mwaka wa pili umeshamzidi kidogo, kama hakuna kodi iliyodaiwa wakati wa kuuza.