Piramidi ya umri: kwa nini ya Nairobi inafanana na pia

Juzi mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alinitumia picha aliyopiga kwenye kitabu chake cha jiografia, na chini yake swali: “Mjomba, kumbe Nairobi watu hawazai, tena wanakufa wakifika hamsini?”

Picha ilikuwa ya piramidi ya idadi ya watu. Ni mchoro wa fito zilizolazwa moja juu ya nyingine, kama ukuta wa nyumba ya udongo kabla haujakandikwa. Kila ufito ni kundi la umri la miaka mitano: chini kabisa watoto wa miaka 0 hadi 4, juu kabisa wazee. Wanaume wako kushoto, wanawake kulia, na urefu wa ufito ni wingi wa watu, au asilimia yao. Soma mstari wa chini kwanza ujue ni kipi kati ya hivyo viwili.

Piramidi ya Nairobi imekaa kama ile pia ya kuchezea. Kitako ni chembamba, tumbo limetuna kwenye miaka ya ishirini na thelathini, halafu inachongoka kwa kasi. Mpwa wangu alisoma kitako kama uzazi na ncha kama vifo. Ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu, na ndipo tunapopotea.

Kila ufito una historia ya mambo mawili au matatu: walizaliwa wangapi mwaka ule, wamebaki wangapi, na wangapi wamehama au kuhamia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutoa umri kwenye mwaka wa sensa. Aliyekuwa na miaka 70 mwaka 2019 alizaliwa karibu 1949. Sensa ya 1948 ilikuta Kenya ina watu kama milioni 5.4 tu, ile ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Ncha ya piramidi ya Kenya ni nyembamba kwa sababu ya vifo, ndiyo, lakini zaidi kwa sababu watoto wa 1949 walikuwa wachache tangu mwanzo, na waliowafuata wakazaliwa wengi zaidi mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane. Huwezi kutazama ncha peke yake ukasema watu wanaishi miaka mingapi. Hilo hupimwa kwa takwimu za vifo vya kila umri.

Kitako nacho kinahesabu watoto, na watoto wanategemea kuna mama wangapi. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 3.4 kwa mwanamke nchini, na 2.5 Nairobi. Kwa hiyo ni kweli jiji linazaa kidogo. Lakini wembamba wa kitako umekuzwa na tumbo lililo juu yake, na tumbo hilo halikuzaliwa Nairobi lote. Ni vijana walioshuka kwenye basi wakitafuta chuo au kazi. Angalia miaka 20 hadi 24: upande wa wanawake umechomoza kuliko wa wanaume. Hakuna hospitali inayozalisha wasichana zaidi kiasi hicho, hao wamekuja. Wanapozeeka wengi hurudi ushago, na piramidi ya jiji inachongoka bila mtu kufa.

Kuzeeka kwa jamii basi kunaonekana wapi? Mpwa wangu alikuwa akikutafuta juu, ilhali kunaanzia chini. Uzazi ukipungua, fito za chini zinafupika, na sehemu ya wazee katika jumla inakua hata kama hakuna aliyeongezewa siku. Piramidi ya Japani imefika huko: kitako kimebanwa na juu ni pana, hasa upande wa wanawake, ambao huishi miaka mingi kuliko wanaume. Ukichora ya Japani kwa umri wa mwaka mmoja mmoja utaona pengo kwa waliozaliwa 1966, mwaka ambao kwa imani ya kalenda yao msichana akizaliwa huleta nuksi kwa mume. Watoto walipungua kama robo mwaka huo, na pengo linapanda piramidi pamoja nao hadi leo.

Nilipomaliza akaniuliza nyanya yake yuko kwenye ufito gani. Nikamwambia, sensa ya 2019 iliandika mtu pale alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti. Usiku huo nyanya alikuwa kwangu, akisubiri kliniki ya macho. Kwa hiyo mkazi wa ushago miaka yote yumo kwenye ncha ya pia ya Nairobi.